Kilwa ya mwaka 1331 katika insha ya kuomba ufadhili

Insha nyingi za kuomba ufadhili wa kusomea shahada ya historia huanza kwa namna moja. Mwombaji anasema ameipenda historia tangu utotoni, babu yake alikuwa akimsimulia habari za kale, na taifa lisilojua lilikotoka haliwezi kujua liendako. Baada ya hapo anataja Misri ya mafarao, biashara ya utumwa, Vita Kuu ya Pili, uhuru wa Tanganyika, Nyerere na Nkrumah. Hakuna uongo hata kidogo katika maneno hayo. Lakini mjumbe wa kamati anapofika mwisho wa ukurasa bado hajui mwombaji huyu anataka kujua nini.

Na hilo ndilo analolitafuta. Mwanafunzi wa historia atatumia miaka mitatu au minne kusoma maandishi ya watu waliokufa zamani, yasiyokamilika na mara nyingi yasiyokubaliana. Kamati inataka kuona kama mwombaji ameshawahi kukutana na hali hiyo na kuvutwa nayo. Kusema "nina shauku kubwa" hakuthibitishi chochote, kwa sababu kila mwombaji anasema hivyo. Udadisi huonekana pale mtu anapotaja kipindi kimoja, mahali pamoja na jambo moja lililokataa kumwingia akilini, kisha akaeleza amelifuatilia hadi wapi.

Tuchukue mwombaji wa kufikirika, msichana aliyemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza. Darasani alifundishwa miji ya pwani: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Kilwa, Sofala. Rasimu yake ya kwanza inasema anapenda "ustaarabu wa Waswahili kuanzia karne ya 8 hadi ya 16". Hiyo ni miaka mia nane, na hakuna mtu anayeweza kuonyesha udadisi wa kweli juu ya miaka mia nane katika ukurasa mmoja. Mwalimu wake anamshauri apunguze. Anaanza kwa kuchagua mji mmoja, Kilwa Kisiwani. Kisha anachagua utawala mmoja, wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitawala Kilwa katika theluthi ya kwanza ya karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa mji huo.

Uchaguzi huo una faida ambayo waombaji wengi hawaioni. Kipindi kipana kina vyanzo vingi mno, na mwanafunzi wa sekondari huishia kunukuu kitabu cha kiada. Kipindi chembamba kina vyanzo vichache, na vichache mtu anaweza kuvisoma au kuviangalia vyote mwenyewe. Kwa Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman kuna vinne vikubwa: maelezo ya msafiri mmoja, tarehe moja ya watawala wa Kilwa iliyotufikia kwa matoleo mawili, magofu, na sarafu.

Msafiri ni Ibn Battuta wa Tanja, Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amewahi kuandika jina lake katika karatasi ya mtihani, ila ni wachache waliowahi kusoma alichosema. Habari zake za Kilwa ni kurasa chache tu. Anausifu mji kwa uzuri na kwa namna ulivyojengwa, na anamsifu sultani kwa ukarimu, kiasi kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia pia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani akitoka msikitini na kumwomba nguo alizovaa, naye akazivua na kumpa. Mfanyabiashara mmoja alimwambia kuwa Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu hufika Sofala kutoka nchi ya Yufi, mwendo wa mwezi mzima zaidi.

Na katikati ya sifa zote hizo, Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa ni za miti.

Hapo ndipo mwombaji wetu anapopaswa kusimama. Yeyote aliyevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda kisiwani ameona kwa macho yake mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu upo, na sehemu yake kubwa yenye makuba inahusishwa na zama za sultani huyohuyo. Zaidi ya hapo, nje ya mji, juu ya genge linaloitazama bahari, kuna Husuni Kubwa: jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua kadhaa, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeichimbua Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alilihusisha jumba hilo na al-Hasan bin Sulaiman, kwani mle ndani lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yanayotaja jina hilo. Inawezekanaje mgeni wa sultani, mtu aliyezoea kueleza majumba ya wafalme kuanzia Misri hadi India, apite Kilwa bila kulitaja jumba kama lile na kuandika kwamba mji ni wa miti?

Hilo ni swali la historia, na linatosha kuibeba insha nzima. Mwombaji halazimiki kulijibu. Wataalamu wenyewe wameligeuza kwa miaka mingi bila kulifunga. Anachopaswa kufanya ni kuonyesha kuwa ameliona, kwamba amepima majibu yanayowezekana, na kwamba anajua kila jibu linahitaji ushahidi gani.

Jibu la kwanza ni kumbukumbu. Ibn Battuta hakuandika kitabu chake akiwa Kilwa. Alirudi Moroko baada ya kuzunguka dunia kwa zaidi ya miaka 20, na kwa amri ya sultani wa Fezi akasimulia safari zake kwa mwandishi Ibn Juzayy, aliyemaliza kuziandika karibu na mwaka 1355. Kati ya kuiona Kilwa na kuisimulia ilipita zaidi ya miaka 20, na katikati yake alikuwa ameona Delhi, Maldivi, na kwa maelezo yake mwenyewe hata China. Mtu wa namna hiyo anaweza kuchanganya mji na mji. Lakini jibu hili lina udhaifu wake, kwa sababu kama kumbukumbu ilimpotea kwenye nyumba, kwa nini tuiamini kwenye fakiri na nguo za sultani? Mwombaji anayeliuliza hilo tayari anafikiri kama mwanahistoria.

Jibu la pili linaangalia mji wenyewe. Magofu yanatudanganya kwa kuwa jiwe hudumu na mti huoza. Huenda nyumba nyingi za Kilwa zilikuwa za fito, udongo na makuti, na nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, waliofanya kazi Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, walikuta katika mji ule maarufu kwa nyumba zake za mawe mabaki ya nyumba za udongo pia. Songo Mnara ilistawi baadaye kidogo kuliko zama za al-Hasan, kwa hiyo si ushahidi wa moja kwa moja, na mwombaji mwangalifu atalisema hilo waziwazi. Hata hivyo inafundisha jambo: msafiri aliyepita mitaani mwaka 1331 huenda aliona miti mahali ambapo sisi leo tunaona mawe pekee.

La tatu linahusu jumba. Husuni Kubwa haikukamilika. Chittick alikuta sehemu zilizoachwa kabla ya kumalizwa, na jumba halionekani kuwa lilikaliwa kwa muda mrefu. Pengine mwaka 1331 lilikuwa bado linajengwa, pengine mgeni hakupelekwa huko. Ni dhana nzuri, lakini ili isimame inahitaji tarehe za ujenzi zilizo sahihi zaidi kuliko "mwanzoni mwa karne ya 14".

Chanzo kinachofuata ni Tarehe ya Kilwa. Iliandikwa katika karne ya 16, karibu miaka 200 baada ya sultani huyu kufariki. Toleo moja limo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552, na jingine la Kiarabu limehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, mjini London, katika nakala iliyoandikwa Zanzibar karne ya 19. Matoleo haya hayakubaliani katika kila kitu, hasa orodha ya watawala na miaka yao. Mwanafunzi akiyaweka bega kwa bega anagundua haraka kwamba "Tarehe ya Kilwa inasema" si sentensi salama, maana lazima aseme ni toleo lipi. Tafsiri za Kiingereza za maandishi haya na ya Ibn Battuta zilikusanywa na Freeman-Grenville katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, ambacho kimekuwa nyenzo ya kawaida kwa wanafunzi wa historia ya pwani. Anayekipata ana karibu kila kitu anachohitaji kwa insha hii.

Mwisho ni sarafu, na kwa mwombaji ambaye hawezi kusafiri hizi ni hazina, maana picha zake zimechapishwa. Sarafu nyingi za Kilwa ni za shaba, ndogo, na maandishi ya pande zake mbili yana vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayoishia kwa sauti ileile. Hazina mwaka. Mtu anaweza kuishika mkononi sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman na bado asijue ilitengenezwa mwaka gani wa utawala wake. Sarafu moja yenye jina hilo ilipatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Inaunganisha Kilwa na nchi ya dhahabu kwa namna ambayo maneno ya mfanyabiashara wa Ibn Battuta peke yake hayawezi. Lakini haituambii ilifikaje huko wala ilipita mikono mingapi, na sarafu moja haithibitishi biashara nzima.

Baada ya kusoma yote hayo, aya ya kati ya insha inaweza kusomeka hivi:

"Mwaka 1331 Ibn Battuta alipokelewa Kilwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliusifu mji, lakini alisema nyumba zake ni za miti. Sultani huyohuyo anahusishwa na Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya mia moja. Mwanzoni nilidhani msafiri amekosea. Niliposoma kwamba alisimulia safari yake zaidi ya miaka ishirini baadaye, nilidhani nimepata jibu. Kisha nikasoma habari za nyumba za udongo zilizochimbuliwa Songo Mnara, nikaanza kushuku kwamba aliyekosea ni mimi, niliyeuona mji kupitia magofu yake tu. Bado sijui ni maelezo yapi ni sahihi. Ninachotaka kujifunza ni namna ya kupima maandishi ya msafiri dhidi ya udongo wa mji aliopita."

Aya hiyo haina neno "shauku", wala "ndoto", wala "tangu utotoni". Mjumbe wa kamati ambaye ni mhasibu au mhandisi, na wajumbe kama hao wapo wengi, anaielewa bila msaada, kwa kuwa kila jina limeelezwa ni nani na kila jambo lina sababu ya kuwapo. Mjumbe ambaye ni mwanahistoria anaona zaidi: mwombaji amebadilisha mawazo mara mbili, na kila mara ni kwa sababu ya chanzo fulani, si kwa kupenda. Sentensi mbili za mwisho zinakiri mpaka wa ujuzi wake na papo hapo zinaeleza kwa nini anahitaji chuo.

Kutoka hapo, sehemu ya "kwa nini shahada hii" hujiandika yenyewe. Swali la Kilwa linataka Kiarabu kwa ajili ya Ibn Battuta na toleo moja la Tarehe, Kireno kwa ajili ya de Barros, na ujuzi wa akiolojia kwa ajili ya Husuni Kubwa. Mwombaji anapitia orodha ya kozi za chuo anachoomba na kutafuta ni ipi kati ya hizo inayofundishwa pale. Akiikuta kozi ya akiolojia ya pwani au ya historia ya Bahari ya Hindi, anaitaja kwa jina lake na kueleza itamsaidia kwenye lipi. Asipoikuta, asijifanye ipo. Kusifu chuo kwa "hadhi yake ya kimataifa" ni kupoteza nafasi, na nafasi ni ndogo. Kwa mfano, mfumo wa UCAS unaotumika kuomba vyuo vya Uingereza unaruhusu herufi 4,000 tu, nafasi kati ya maneno zikiwemo, na kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 herufi hizo zimegawanywa katika maswali matatu. Wafadhili wengine huweka ukomo wa maneno 500, na hapo hesabu nzuri ni kutumia karibu nusu ya insha kwa swali la kihistoria, na nusu iliyobaki kwa maandalizi, kozi na mahitaji ya fedha kama yameulizwa.

Makosa yanayoharibu insha ya aina hii huwa ni ya tarehe kuliko ya lugha. La kawaida kwa Kilwa ni kuchanganya zama. Mwombaji anaieleza Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman kwa kutumia Gereza, ngome kubwa inayoonekana ufukweni mtu anaposhuka mashuani. Gereza halikuwapo mwaka 1331. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuushambulia mji, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya zama za Waomani. Vivyo hivyo Msikiti Mkuu haukujengwa kwa siku moja. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani kuliko al-Hasan, upanuzi ulifanyika katika zama zake, kisha ukaanguka na kujengwa upya katika karne ya 15. Anayeandika "msikiti alioswali Ibn Battuta" na kumaanisha kila nguzo inayoonekana leo amefanya kosa ambalo msomaji mjuzi ataliona mara moja.

Kosa jingine ni kutia chumvi. "Kilwa ilikuwa dola tajiri kuliko zote Afrika" ni sentensi inayovutia na isiyoweza kutetewa. Ibn Battuta, msafiri aliyeona mengi, aliuhesabu mji huo kati ya ile mizuri na iliyojengwa vema, na hilo latosha. Wapo pia wanaoingiza mjadala wa asili ya Waswahili bila kuusoma. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya watu 80, ulionyesha kwamba watu wengi wa miji ya pwani waliochunguzwa walikuwa na asili ya Kiafrika upande wa mama, na sehemu kubwa ya asili ya Kiajemi upande wa baba, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Ni utafiti mzuri kuutaja kama swali la mwombaji linahusu simulizi za Washirazi. Kwa swali la nyumba za miti na za mawe haubebi chochote, na kuutaja huko kunaonyesha tu kwamba mtu amekusanya habari.

Lipo pia kosa la kutaja vitabu ambavyo havijasomwa. Ufadhili mwingi una hatua ya mahojiano, na hapo swali la kwanza mara nyingi hutoka ndani ya insha yenyewe. Aliyemtaja Chittick ataulizwa Chittick alisema nini, na pengine kama anakubaliana naye. Mwombaji wetu, akiwa amesoma sura mbili tu za kitabu chake, afanye vizuri zaidi kuandika "katika sura za Husuni Kubwa, Chittick anasema", kuliko kuacha ionekane amemaliza juzuu zote mbili. Kadhalika, insha iliyoandikwa na mtu mwingine kwa malipo huvunjika katika dakika ya kwanza ya mahojiano, kwa sababu mwenye jina hajui kwa nini nyumba za miti ni tatizo.

Si lazima kipindi kiwe Kilwa. Aliyekulia Songea anaweza kuchukua miezi ya Majimaji kati ya Julai 1905 na mwisho wa mwaka ule, na kuuliza kwa nini Wangoni waliingia vitani baadaye kuliko watu wa Matumbi. Wa Mombasa anaweza kuchukua Ngome ya Yesu wakati wa mazingiro ya 1696 hadi 1698. Kipimo ni kilekile: viwepo vyanzo viwili au vitatu anavyoweza kuvipata, na kati yake kiwepo kitu kisichopatana.

Ukiwa na rasimu mkononi, mpe mwalimu wako wa historia na umwombe asikusahihishie lugha kwanza. Mwombe akuulize maswali matatu magumu kutokana na uliyoyaandika, ujibu bila kutazama karatasi. Sentensi ambayo umeshindwa kuitetea ifute, na nafasi yake iongezee kwenye ile uliyoitetea vizuri zaidi.